Uzalishaji wa Funguo za Kikao katika Mapatano ya Hatua Nne ya WPA2

Katika mtandao wa Wi-Fi wa nyumbani unaolindwa kwa WPA2, ruta na simu hushiriki neno la siri moja, lakini neno hilo halipitishwi hewani. Kila upande huligeuza kivyake kuwa ufunguo mkuu wa biti 256. Kwa mfano, ikiwa mtandao unaitwa Maktaba na neno la siri ni embe-dodo-7, hesabu huwa hivi:

```
PMK = PBKDF2(HMAC-SHA1, "embe-dodo-7", "Maktaba", 4096, 256)
```

Matokeo hayo hayabadiliki mpaka neno la siri au jina la mtandao libadilishwe. Kwa hiyo, upya wa funguo za kikao hauna budi kutoka kwingine, nako ni katika namba mbili za nasibu, moja ya ruta na nyingine ya simu.

Katika hatua ya kwanza, ruta hutuma namba yake wazi. Simu huchagua yake, kisha huchanganya ufunguo mkuu, namba zote mbili na anwani za vifaa vyote viwili. Hupatikana biti 384, ambazo hugawanywa katika funguo tatu: wa kuthibitisha ujumbe, wa kuficha funguo nyingine, na wa kuficha data. Katika hatua ya pili, simu hutuma namba yake pamoja na msimbo wa uthibitisho uliokokotolewa kwa ufunguo wa kwanza kati ya hizo tatu. Ruta hurudia hesabu ileile na kulinganisha. Neno la siri likikosewa, misimbo hailingani na ruta huutupa ujumbe huo; anayenasa pakiti ataona ujumbe wa kwanza na wa pili ukirudiwa bila wa tatu kutokea. Ikilingana, ujumbe wa tatu huleta ufunguo wa kundi ukiwa umefichwa, na msimbo wake huithibitishia simu kwamba ruta nayo inalijua neno la siri. Wa nne ni wa kukiri mapokezi tu.

Udhaifu umo katika hatua ya pili. Mdukuzi aliyenasa jumbe mbili za mwanzo anazo namba zote, anwani na msimbo. Asichokuwa nacho ni neno la siri. Anaweza kukisia maneno akiwa mbali na ruta, akarudia hesabu nzima kwa kila neno hadi msimbo ulingane. Mizunguko 4096 humchelewesha, ila haiokoi neno lililo rahisi kukisiwa. Vilevile, mteja wa mgahawa anayelijua neno la siri lililobandikwa ukutani, akinasa mapatano ya mteja mwenzake, huzalisha funguo zilezile na kusoma data yake.

WPA3 imezibakiza hatua nne. Kilichobadilika ni chimbuko la ufunguo mkuu: sasa hutokana na mabadilishano ya SAE, ambayo huuzalisha upya katika kila uunganishaji na hayampi msikilizaji chochote cha kujaribia makisio yake.