Chatboti Inapotaja Riba ya Zamani

Tuseme Saccos ndogo ina chatboti inayojibu wanachama, nayo inataja riba ya mwaka jana. Wengi hukimbilia kuifundisha upya kwa mamia ya mifano. Hilo ni kosa: mafunzo hayo hubadili zaidi mtindo wa kujibu, na riba ikibadilika itabidi yarudiwe. Ipeni kwanza maelekezo: jibu kwa kifupi, usilolijua mwelekeze mwanachama kwa karani. Kisha iwekeeni waraka wa riba, itafute humo kabla ya kujibu. Ikikosea tena, kagueni kipande ilicholetewa. Kama riba sahihi haimo, tatizo ni utafutaji. Ikiwamo, rekebisheni maelekezo. Na waraka ukiwa kurasa tano tu, ubandikeni wote kwenye maelekezo, utafutaji hamuuhitaji.