Mkono Mweusi wa Mickey: Jinsi Katuni Inavyopangwa Ili Isomeke

Tarehe 18 Novemba 1928, watazamaji katika jumba moja la sinema jijini New York walimwona panya akishika usukani wa meli huku akipiga mluzi. Filamu ile iliitwa Steamboat Willie, na panya mwenyewe ni Mickey. Wengi huikumbuka kwa sababu ya sauti yake, iliyokwenda sawia na picha. Leo tuache sauti, tuitazame mikono ya yule panya.

Mikono ile ilikuwa myeusi tii, sawa na kiwiliwili chake. Filamu zenyewe zilikuwa za rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe. Mickey akipitisha mkono mbele ya kifua, mkono ulipotea palepale, kama makaa ndani ya gunia la makaa. Mchoraji angeweza kuhangaika na vidole kutwa nzima, mtazamaji asione hata kimoja. Mwaka uliofuata, katika filamu ya The Opry House, Mickey alivalishwa glovu nyeupe. Glovu zilisaidia kuonyesha viganja, lakini mkono wenyewe ulibaki mweusi juu ya mwili mweusi. Wachoraji wakajifunza kuutoa mkono pembeni, mbali na mwili, ili uonekane juu ya weupe wa nyuma.

Kisa hicho kinasimuliwa na Frank Thomas na Ollie Johnston, wachoraji waliofanya kazi Disney kwa miongo kadhaa, katika kitabu chao cha mwaka 1981. Humo waliorodhesha kanuni 12 za uhuishaji, na mojawapo ni hii ya mpangilio: tendo liwekwe mahali ambapo mtazamaji hawezi kulikosea. Rangi zilikuja baadaye, kisha kompyuta, lakini kanuni haikuondoka, kwa sababu shida haikuwa wino. Shida ni kwamba jicho husoma umbo la nje kabla ya kusoma kilichomo ndani yake.

Waliokulia kwenye nyumba za koroboi wanalijua jambo hili. Ukitaka kumchezea mtoto sungura wa kivuli ukutani, huelekezi vidole kwenye taa. Unakigeuza kiganja ubavu, unainua vidole viwili viwe masikio, na mtoto anacheka. Mkono ni uleule na taa ni ileile. Kilichobadilika ni upande ulioutoa.

Katika studio, anayeamua upande huo ni mpangaji wa shoti. Kazi yake iko katikati: nyuma yake kuna storibodi, ile michoro midogo inayosimulia kisa kizima, na mbele yake kuna mhuishaji atakayewapa wahusika mwendo. Mpangaji huchora mahali penyewe, huonyesha kila mhusika anaanzia wapi na kuishia wapi, kisha hupiga mstari wa pembe nne kuzunguka kile ambacho kamera itakiona. Mstari huo ndio mpaka wa fremu.

Tumfuate akipanga shoti moja. Fisi amelala chini ya mbuyu, amekumbatia kibuyu cha asali kwapani. Sungura ananyata, anakishika kibuyu na kukivuta. Shoti ni ya sekunde 4. Filamu huenda kwa fremu 24 kila sekunde, kwa hiyo hapa zipo fremu 96. Mchoro mmoja ukishikilia fremu mbili, kama ilivyo kawaida katika katuni za kuchora kwa mkono, mhuishaji atamchora Sungura mara 48. Kabla ya jasho lote hilo, mpangaji anaandika sentensi moja juu ya karatasi: "Sungura anavuta kibuyu." Chochote kisichoisaidia sentensi hiyo kitahamishwa au kitasubiri.

Katika jaribio la kwanza anaiweka kamera mbele ya Fisi, na Sungura amechuchumaa katikati akitupa mgongo. Mchoro ni mzuri, manyoya yamekaa vizuri. Kisha mpangaji anawapaka wahusika wote weusi, bila kuacha jicho wala mdomo. Kinachobaki ni bonge moja lenye masikio mawili juu. Huyu Sungura anavuta kitu, anakula, au anasali? Umbo halisemi.

Jaribio la pili linahamishia kamera ubavuni. Fisi analala upande wa kushoto, Sungura yuko kulia, na kati yao pameachwa uwazi. Mkono wa Sungura unapita katika uwazi huo hadi kwenye kibuyu. Ukiwapaka weusi sasa, unaona mnyama aliyelala, mnyama anayenyoosha mkono, na kitu cha mviringo kati yao. Kisa kimesomeka bila sura ya mtu. Lakini Sungura wa ubavu mtupu anaonekana bapa, kama aliyekatwa kwenye boksi, kwa hiyo mpangaji anamgeuza kidogo kuelekea kwetu ili macho yote mawili yaonekane. Akimgeuza zaidi ya hapo, mkono unarudi kupita mbele ya kifua, na tunarudi kwa Mickey wa 1928.

Hapo hajamaliza, maana kibuyu ni cha kahawia, Fisi ni wa kahawia, na shina la mbuyu nalo ni la kahawia. Picha iliyofaulu jaribio la weusi inaweza kuanguka kwenye jaribio la rangi. Dawa yake ni kuondoa rangi zote na kubakiza kijivu. Vitu viwili vikiwa na kijivu kinacholingana, mpaka kati yao hufifia hata kama kimoja ni cha kijani na kingine chekundu. Mpangaji anausukuma mbuyu kushoto, na nyuma ya kibuyu anaweka nyasi kavu zinazong'aa jua. Mbuyu kuhama si kosa. Hata katika filamu za kompyuta, ambako miti ina mahali pake hasa, wapangaji huhamisha mti kwa ajili ya shoti moja na kuurudisha katika inayofuata. Mtazamaji haji sinema na futi ya kupimia.

Kisha kuna kimo cha kamera. Ikilala chini kabisa, tumbo la Fisi linainuka kama kilima na kukiziba kibuyu. Ikipanda juu sana, ule uwazi kati ya wahusika unajaa udongo na mizizi badala ya nyasi zile zenye mwanga. Hapa inafaa kimo cha macho ya Sungura. Kuhusu umbali, wachoraji wa karatasi waliupima kwa upana wa eneo lililopigwa picha: eneo la 12 lilikuwa na upana wa inchi 12, na la 6 nusu yake. Kamera ikitoka 12 kwenda 6, kila kitu kinaonekana kikubwa mara mbili, pamoja na mistari ya penseli, ambayo sasa hunenepa na kukwaruza macho. Kwa hiyo ukitaka kuuona mdomo wa kibuyu kwa karibu sana, ni heri kuchora shoti mpya kuliko kuisukuma kamera.

Sehemu inayowaponyoka wanafunzi wengi ni ile inayokuja baada ya hapo. Wanapanga fremu ya kwanza ikasomeka, wakadhani shoti nzima imesomeka. Mpangaji mzoefu huchora nyakati kuu nne, yaani kunyoosha mkono, kushika, kuvuta, na kuanguka chali, kisha huzipaka weusi moja baada ya nyingine. Katika shoti yetu mbili za kwanza ni safi. Ya tatu ina kasoro: Sungura anapovuta kuelekea kwake, kibuyu kinaingia tumboni mwake na kupotea. Ndicho kitu tunachokifuatilia, nacho kimepotea wakati ule ule kinapoibwa! Basi anabadilisha njia ya kibuyu. Sungura atavuta kwa kuinua, mikono ikiwa imenyooka, na kibuyu kitapanda hadi kisimame peke yake juu ya anga. Masikio nayo yanalazwa nyuma, maana yaliyumba mbele ya kibuyu. Katika fremu ya nne, miguu ya Sungura iko hewani na kibuyu kiko juu yake, kila kimoja kikiwa na nafasi yake.

Linabaki suala la zamu. Mpangaji alitaka nzi atembee puani mwa Fisi, mkia utikisike, na majani yapepee. Yote yakitendeka pamoja na kibuyu kuvutwa, jicho litarukaruka na kukosa jambo lenyewe, maana linakimbilia kinachotikisika. Kwa hiyo nzi anatembea kwanza, anasimama, na picha inatulia kwa fremu 12, yaani nusu sekunde. Ndipo kibuyu kinasogea. Mkia utangoja.

Sasa Fisi anafumbua jicho. Katika fremu hii pana jicho ni nukta tu, hivyo inahitajika shoti nyingine ya karibu. Kamera isogee, lakini ibaki upande ule ule wa mstari wa kubuni unaounganisha wahusika wawili. Sungura alikuwa kulia akitazama kushoto. Kamera ikivuka mstari huo, atakuwa kushoto akitazama kulia, na mtazamaji atadhani amegeuka kukimbia.

Katika shoti hiyo ya karibu, kupaka weusi hakufai kitu, kwa sababu kichwa cha Fisi kitakuwa bonge la duara. Pale kinachosomesha ni tofauti ya mwanga na giza ndani ya uso: mboni nyeusi juu ya weupe wa jicho, na kope lenye kivuli. Vilevile kuna wakati wa kuficha kwa makusudi. Kama hatutaki mtazamaji ajue kwamba Fisi yuko macho, kibuyu kinawekwa mbele ya jicho lake hadi dakika ya mwisho. Kuficha huko ni uamuzi wa mpangaji. Kile kibuyu kilichozama tumboni mwa Sungura kilikuwa ajali.

Mwisho, mpangaji anapunguza mchoro wake hadi ukubwa wa stempu, anamwonyesha mtu asiyekijua kisa, na kumuuliza, "Unaona nini?" Akijibiwa, "Naona sungura na fisi," shoti imeanguka, kwa kuwa ametajiwa wahusika bila tendo. Akijibiwa, "Sungura anamwibia fisi," karatasi inapelekwa kwa mhuishaji. Jaribio hilo halichukui dakika mbili. Ukilikwepa, kosa utalikuta baadaye, likiwa limeshachorwa mara 48.