Kulegeza Msuli ni Dakika Moja, Kuurejesha Kunataka Subira

Mwaka 1947 daktari Scott Smith wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, alijitolea kudungwa tubokurarini bila kupewa dawa yoyote ya usingizi. Misuli yote ilimlegea. Hakuweza kufumbua macho, kumeza, kusema wala kuvuta pumzi, na wenzake walilazimika kumpumulia. Nguvu ziliporudi aliwasimulia yaliyosemwa na kufanyika chumbani mle, kwani akili yake haikuzimika hata kidogo. Kila anayesomea utaalamu wa usingizi hana budi kulishika jambo hilo: dawa ya kulegeza misuli hailazi mtu wala haimwondolei maumivu. Anayeitoa amebeba pumzi ya mgonjwa na usingizi wake kwa wakati mmoja, mpaka nguvu zirudi.

Kwa nini basi itumike? Kwa sababu zipo kazi zisizofanyika salama misuli ikiwa imekaza. Nyuzi za sauti zinatakiwa zilegee ili mrija wa hewa upite. Ukuta wa tumbo unatakiwa ulegee ili mpasuaji ayafikie matumbo bila kushindana na misuli. Zamani ulegevu huo ulipatikana kwa kumzamisha mgonjwa katika usingizi mzito wa etha na dawa kama hizo, uzito uliotishia moyo na pumzi. Januari 1942, jijini Montreal, Kanada, Harold Griffith na Enid Johnson walimpa kurare mgonjwa aliyekuwa akiondolewa kidole tumbo. Tangu hapo usingizi umeweza kuwa mwepesi, na kazi ya kulegeza misuli ikawa na dawa yake.

Mahali pamoja, njia mbili

Neva haigusani na msuli. Kati yake pana upenyo mwembamba sana. Amri ya kukaza ikifika mwisho wa neva, kemikali iitwayo asetilikolini humwagwa, ikavuka upenyo na kushika vipokezi vilivyo upande wa msuli. Kipokezi kilichoshikwa hufungua njia, sodiamu huingia, hali ya umeme ya utando wa msuli hubadilika, na msuli hukaza. Mara hiyohiyo kimeng'enya kilicho hapo, asetilikolinesterasi, huivunja asetilikolini ili msuli uwe tayari kwa amri nyingine.

Suksametoniamu, ambayo wengi huiita skolini, ni molekuli mbili za asetilikolini zilizoungana. Kwa hiyo nayo hushika kipokezi na kukifungua. Tofauti ni kwamba kimeng'enya cha pale hakiwezi kuivunja. Utaona misuli ikichezacheza, usoni kwanza kisha mwilini, halafu kimya. Utando wa msuli umebaki katika ile hali ya umeme iliyobadilika, kwa hiyo amri mpya haziupati tena. Ndiyo maana dawa hii inaitwa ya kudipolaraizi. Hukoma yenyewe inapovunjwa ndani ya damu na kimeng'enya kingine, kolinesterasi ya plazma, kwa kawaida baada ya dakika 5 hadi 10.

Vekuroniamu, rokuroniamu, atrakuriamu na pankuroniamu hazidipolaraizi. Kila moja hushika kipokezi bila kukifungua, kama ufunguo unaoingia kwenye kitasa ukakataa kuzunguka, na wakati huo ufunguo wa kweli hauna pa kuingia. Hapa misuli haichezichezi, hulegea tu. Kinachoamua ni wingi: asetilikolini ikizidi kuliko dawa, msuli hurudi, dawa ikizidi, msuli hubaki umelegea. Tofauti hiyo moja ndiyo inayoamua namna ya kurejesha nguvu.

Mgonjwa wa kilo 50

Tuchukue mgonjwa wa mfano: mwanamume mwenye uzito wa kilo 50 aliyejisokota utumbo mpana. Tumbo limevimba, anatapika, na anatakiwa kupasuliwa haraka. Hatari ya kwanza ni matapishi kuingia mapafuni kabla mrija haujawekwa. Ndiyo sababu anahitaji dawa inayolegeza upesi.

Anavutishwa oksijeni dakika 3, mashine ya kufyonza ikiwa imewashwa kando ya kichwa. Analazwa kwa ketamini, na mara moja anafuatishiwa suksametoniamu miligramu 1.5 kwa kila kilo, yaani miligramu 75. Katika ampuli yenye miligramu 100 ndani ya mililita 2, hiyo ni mililita 1.5. Baada ya sekunde 45 hadi 60 misuli imekwisha kuchezacheza, taya ni laini, mrija unapita, na kipimo cha kabonidayoksaidi kinathibitisha kuwa uko kwenye njia ya hewa.

Kabla ya kupitisha uamuzi huo, mtaalamu alikwisha kuuliza maswali kadhaa. Suksametoniamu hupandisha potasiamu ya damu kwa takriban milimoli 0.5 kwa lita, jambo ambalo mtu wa kawaida hulistahimili. Lakini aliyeungua sana na saa 24 za mwanzo zikapita, aliyepooza kwa kuumia uti wa mgongo siku kadhaa nyuma, au aliyelala kitandani muda mrefu, ana vipokezi vilivyotapakaa msuli mzima. Kwake potasiamu yaweza kuruka ghafla na kuusimamisha moyo. Na ikiwa katika ukoo wake yupo aliyewahi kupandwa na joto kali na kukakamaa misuli akiwa katika usingizi wa upasuaji, dawa hii haiguswi.

Mgonjwa wetu hana hayo. Sasa inahitajika dawa ya kumweka amelegea muda mrefu zaidi, lakini sindano ya pili isubiri. Kwanza ionekane suksametoniamu ikiisha: mgonjwa aanze kujitahidi kupumua, au kidole gumba kiitikie mistuo ya umeme. Wapo watu wachache waliozaliwa na kolinesterasi ya plazma dhaifu, na kwao dakika 10 huwa saa kadhaa. Ukiwahi kumpa vekuroniamu, hutajua tatizo hilo lipo. Likijitokeza, tiba yake ni kuendelea kumpumulia na kumlaza mpaka dawa iishe. Neostigmini haisaidii hapo. Inaidhoofisha hata ile kolinesterasi ndogo iliyobaki, na ulegevu ukarefuka.

Mgonjwa wetu anaanza kuitikia kwenye dakika ya 8. Anapewa vekuroniamu miligramu 0.1 kwa kilo, yaani miligramu 5. Baada ya dakika kama 3 tumbo limelegea kabisa, mpasuaji anaufungua utumbo uliojisokota. Kila ulegevu unapopungua anaongezewa miligramu 1.

Wakati wa kurejesha

Tumbo linafungwa. Nyongeza ya mwisho ilitolewa dakika 25 zilizopita. Je, neostigmini itolewe sasa?

Jibu lipo kwenye kifundo cha mkono. Kifaa cha kustua neva kimebandikwa upande wa kidole kidogo, ambako hupita neva inayokunja kidole gumba kuelekea kiganjani. Kinatoa mistuo minne ndani ya sekunde mbili. Kwa dawa isiyodipolaraizi, mistuo hufifia: wa kwanza una nguvu kuliko wa pili, wa nne ni dhaifu kuliko yote au haupo. Kwa suksametoniamu katika kipimo cha kawaida, yote minne hupungua kwa usawa. Kidole gumba hicho kimoja hukuambia ni aina gani ya ulegevu unaoushughulikia na umefikia wapi.

Mgonjwa wetu anaonyesha mistuo miwili. Wengi wangedunga neostigmini hapo hapo. Lakini fikiria inavyofanya kazi. Neostigmini haiiondoi vekuroniamu mwilini. Inakizuia kile kimeng'enya cha kwenye upenyo ili asetilikolini iongezeke na kushinda kwa wingi. Kimeng'enya kikishazuiwa chote, kipimo cha pili hakina cha kuongeza. Dawa ya ulegevu ikiwa bado nyingi, ushindi hautakuwepo hata ukidunga ampuli tatu. Kwa hiyo tunaendelea kumlaza na kumpumulia mpaka mistuo yote minne ionekane.

Baada ya dakika 15 imeonekana. Anapewa neostigmini miligramu 0.05 kwa kilo, yaani miligramu 2.5, pamoja na atropini miligramu 1. Atropini si pambo. Asetilikolini inayoongezeka kwenye misuli huongezeka pia kwenye moyo, matumbo na njia za hewa, na bila kinga hiyo mapigo huteremka, mate hujaa na njia za hewa hubana. Kisha kungoja tena, kwani neostigmini huchukua dakika 7 hadi 10 kufikia kilele chake.

Kipimo tunachokitafuta ni nguvu ya mstuo wa nne kufikia angalau 0.9 ya ule wa kwanza. Tatizo ni kwamba jicho na kidole haviwezi kuigundua tofauti pale uwiano unapovuka takriban 0.4. Mistuo itaonekana sawa ilhali mgonjwa bado ni dhaifu. Penye kifaa kinachopima na kuandika namba, kitumike. Penye kifaa cha kustua tu, minne inayoonekana sawa ichukuliwe kuwa dalili ya kuanza kurejesha, isiwe ya kutoa mrija. Pasipo na kifaa chochote, mtaalamu hutegemea mgonjwa kuinua kichwa kwa sekunde 5, kushika mkono kwa nguvu na kung'ata, huku akijua kwamba baadhi ya wagonjwa hufaulu majaribio hayo bado wana ulegevu uliobaki.

Hapo ndipo wengi huponzwa na pumzi. Msuli mkubwa wa kupumulia ulio chini ya mapafu hurudi mapema kuliko misuli ya koo. Mgonjwa aweza kuvuta hewa ya kutosha kupitia mrija, lakini mrija ukitoka, koo linaporomoka, hawezi kumeza, na mate yanaingia mapafuni. Dalili zake katika chumba cha uangalizi ni mikono inayotupwatupwa bila mpangilio, kope nzito, sauti isiyotoka na oksijeni inayoshuka. Mgonjwa wa namna hiyo huonekana msumbufu, kumbe anaomba hewa. Asidungwe dawa ya kumtuliza akaachwa; asaidiwe kupumua kwa barakoa, na ikibidi alazwe na mrija urudishwe.

Uangalifu huu huongezeka kwa mama mwenye kifafa cha mimba aliyepewa magnesiamu salfeti. Magnesiamu hupunguza asetilikolini inayomwagwa na neva, hivyo kiasi kidogo cha vekuroniamu humlegeza sana na kwa muda mrefu.

Ipo dawa mpya zaidi, sugamadeksi, inayofuata njia nyingine. Ni molekuli yenye umbo la pete, hutengenezwa kutokana na sukari, nayo huimeza rokuroniamu au vekuroniamu ndani ya damu isiweze tena kushika vipokezi. Kwa mgonjwa wa kilo 50 aliyefikia mistuo miwili, miligramu 100 hutosha, bila atropini. Ulegevu ukiwa mzito zaidi, hutakiwa miligramu 200. Lakini haigusi atrakuriamu wala suksametoniamu, bei yake ni kubwa, na mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango anapaswa kuambiwa atumie kinga nyingine kwa siku 7, kwani homoni zake nazo hunaswa.

Mgonjwa wetu alipofikia 0.9, ndipo dawa ya usingizi ilipozimwa. Mpangilio huo usigeuzwe. Anayezima usingizi kwanza akitumaini misuli itafuata anaweza kumwamsha mtu katika hali ile aliyoichagua Smith, na mgonjwa huyu hakuichagua.