Kaya ni Nani? Kusafisha Orodha ya Istilahi za Tasnifu

Chukua mfano wa tasnifu ya shahada ya uzamili kuhusu matumizi ya maji kijijini. Katika orodha ya istilahi, mwandishi ameandika kwamba kaya ni watu wa familia moja, wawe wanaishi pamoja au mbali. Sura ya tatu inasema dodoso liliwahesabu wanaoishi boma moja, wanaopika pamoja na kumtambua mkuu mmoja. Sura ya nne ina jedwali la "familia".

Tofauti hiyo hubadilisha matokeo. Tuseme nyumba moja huteka madumu matano ya lita 20 kwa siku, yaani lita 100. Waliopo ni watano, na watoto wawili wako mjini. Kwa maana ya dodoso, kila mtu anapata lita 20, kiasi kinachotajwa sana kuwa mahitaji ya msingi. Kwa maana ya orodha, wale wawili wanaingia kwenye hesabu, na kila mtu anabaki na lita 14 hivi. Nyumba ileile sasa inahesabiwa kuwa na upungufu.

Kazi ya kurekebisha huanzia kwenye matini. Tafuta neno kwa Ctrl+F, kisha nakili kila sentensi yenye neno hilo kwenye ukurasa mmoja. Kwa Kiswahili, angalia viambishi: ukitafuta "chanzo" hutaona "vyanzo", kwa hiyo tafuta "anzo", hata kama "mwanzo" nao utajitokeza. Tafuta pia maneno yanayotumika badala yake, kama hiyo "familia". Sentensi zikikaa pamoja, maana mbili zilizojificha huonekana.

Maana ipi ibaki? Data zikishakusanywa, ni ile iliyotumika uwanjani. Wapo wanaochagua fasili nzuri zaidi kutoka kitabuni baada ya utafiti kwisha. Hilo halifai, kwa sababu watu hawakuhesabiwa kwa fasili hiyo.

Kisha andika sentensi moja: "Kaya: mtu mmoja au kundi la watu wanaoishi boma moja, wanaopika pamoja na kumtambua mkuu mmoja." Mjadala wa wataalamu uende sura ya pili, na vifupisho viwe na orodha yao. Usifasili kaya kwa "mkuu wa kaya" huku mkuu wa kaya akifasiliwa kwa kaya. Msomaji atazunguka bila kufika.

Sasa ijaribu. Weka fasili mahali pa neno katika kila sentensi uliyonakili. "Kaya 40 zina mtu anayefanya kazi Nairobi" inagoma, maana aliye Nairobi hapiki na wenzake. Hapo fasili isipanuliwe ili kumwingiza. Sentensi ndiyo ibadilishwe: "Kaya 40 zina ndugu anayefanya kazi Nairobi." Na jedwali la sura ya nne liandikwe "kaya", baada ya kuhakikisha kwamba tarakimu zake zilitoka kwenye dodoso lilelile.