Chubwi la Risasi na Kidani cha Dhahabu

Mvuvi afungapo chubwi la risasi katika mshipi wake, na bibi harusi avishwapo kidani cha dhahabu, kila mmoja hushika kitu kilichoanzia katika nyota. Lakini njia za vitu hivyo viwili hazikuwa moja.

Nyota hung'aa kwa kuunganisha viini vyepesi vya elementi. Kazi hiyo haiendelei kupita chuma, kwani kuunganisha viini vizito kuliko hicho hakutoi nguvu bali huila. Tena viini vizito vina chaji moja, hivyo husukumana. Ni nyutroni peke yake, isiyo na chaji, iwezayo kuingia kiini bila ya kupiga hodi. Kiini kikizidiwa na nyutroni, mojawapo hugeuka protoni na kutoa elektroni, na hapo elementi imepanda daraja moja. Jambo lote basi hutegemea haraka: je, nyutroni ya pili huja kabla ya mageuzi hayo au baada yake?

Katika nyota kuu kuu nyekundu nyutroni ni haba, na miaka mingi yaweza kupita kabla kiini hakijapata nyingine. Ushahidi ulipatikana mwaka 1952, Paul Merrill alipoona alama za tekineti katika mwanga wa nyota za aina hiyo. Tekineti haidumu, hata iliyo imara kupita zote, nusu yake hutoweka katika miaka milioni 4 hivi. Kwa umri wa nyota hizo, ilikuwa lazima imetengenezwa humo humo, tena si zamani.

Sehemu kubwa ya risasi ya mvuvi imepatikana kwa mwendo huu wa polepole. Mbele yake kidogo, kwenye bismuthi, njia hufungwa. Bismuthi 209 ikipokea nyutroni, haipiti siku nyingi ila hugeuka poloni. Nayo poloni hiyo, ambayo nusu yake huvunjika kila siku 138, hurudi kuwa risasi. Ni kama ng'ombe wa kinu cha mafuta, hutembea mchana kutwa asifike popote.

Urani basi, na karibu dhahabu yote, hutaka mwendo wa kasi: kiini hupigwa na nyutroni nyingi katika muda usiotimia sekunde, kikashiba kabla ya kupata nafasi ya kugeuka. Gharika ikikatika, ndipo hupanda daraja kwa daraja mpaka kitulie.

Tarehe 17 Agosti 2017 mitambo ya Marekani na Italia ilinasa mtikisiko wa nyota mbili za nyutroni zilizogongana, umbali wa miaka ya mwanga milioni 130 hivi. Mwanga wake ulianza kwa buluu, na katika siku chache ukawa mwekundu, kama itarajiwavyo pale elementi nzito zizuiapo mwanga wa buluu. Hata hivyo tusizidishe: iliyotambuliwa kwa jina katika mwanga huo, mwaka 2019, ni stronti. Dhahabu yenyewe hukisiwa kwa hesabu tu.