Bahati Laki Moja kwa Opsheni Moja

Katika soko la opsheni la Chicago, lililofunguliwa Aprili 1973, kinachouzwa si hisa bali haki ya kununua au kuuza hisa siku za mbele kwa bei iliyokubaliwa leo. Tuchukue hisa ya mfano inayouzwa dola 100, ya kampuni isiyotoa gawio. Mnunuzi anapewa haki ya kuinunua mwaka mmoja kutoka leo kwa dola 100 zilezile. Siku hiyo ikifika na hisa iko dola 126, anaitumia haki yake na kubaki na faida ya dola 26. Ikiwa imeshuka hadi 84, anauacha mkataba ufe na hadaiwi kitu. Haki ya aina hii haitolewi bure. Swali ni iuzwe kiasi gani.

Mwaka huohuo wa 1973 Fischer Black na Myron Scholes walichapisha fomula inayojibu swali hilo. Tukisema riba ni 5% kwa mwaka na mtikisiko wa bei ya hisa ni 20% kwa mwaka, fomula yao inatoa dola 10.45. Miaka minne baadaye, Phelim Boyle alionyesha njia nyingine, inayotumia bahati tupu: mwambie kompyuta abuni bei nyingi za mwisho wa mwaka, hesabu opsheni ingelipa nini katika kila moja, kisha chukua wastani. Njia yenyewe ilikuwa imeshatumiwa na wanafizikia wa Los Alamos, Marekani, katika miaka ya 1940, nao waliipa jina la Monte Carlo, mtaa wa kamari wa Monako.

Kama fomula ipo, kwa nini tuhangaike na bahati? Kwa sababu fomula hukwama mara mkataba unapokuwa na vikorombwezo, kama vile kulipa kwa kufuata wastani wa bei za mwaka mzima. Lakini kabla ya kuiamini programu kwenye mkataba usio na fomula, inafaa kuijaribu kwanza kwenye ule ambao jibu lake linajulikana, kama muuza duka anavyoijaribu mizani yake kwa jiwe la kilo moja. Kwetu jiwe hilo ni 10.45.

Programu nzima ya Python ni hii:

```python
import numpy as np

S0, K, r, sigma, T = 100, 100, 0.05, 0.20, 1.0
n = 100_000
rng = np.random.default_rng(2024)

Z = rng.standard_normal(n)
ST = S0*np.exp((r - 0.5*sigma**2)*T + sigma*np.sqrt(T)*Z)
X = np.exp(-r*T)*np.maximum(ST - K, 0)

bei = X.mean()
kosa = X.std(ddof=1)/np.sqrt(n)
```

Bahati yote imo katika `Z`. Hizo ni namba laki moja za nasibu zinazofuata mkunjo wa kengele: nyingi ziko karibu na sifuri, chache zinavuka 2 au kushuka chini ya −2. Mstari unaofuata unaigeuza kila namba kuwa bei ya hisa. `Z` ikiwa 0, hisa inaishia dola 103.05. Ikiwa 1, inaishia 125.86, na ikiwa −1, inaishia 84.37. Mstari wa `X` unatoa dola 100 za mkataba, unaweka sifuri pale ambapo jibu ni hasi, kisha unarudisha kilichobaki kwenye thamani ya leo kwa riba ya 5%. Ile hisa ya 125.86 inaleta dola 25.86 mwakani, ambazo leo ni 24.60. Ile ya 84.37 haileti kitu. Kwa wastani, katika kila bahati 100, kama 44 huishia patupu hivyo.

Wanaoanza husumbuliwa na jambo moja hapa. Mtu anaamini kabisa kwamba hisa hii itakua kwa 12% mwakani, na programu inaikuza kwa 5% ya riba tu. Sababu ni kwamba muuzaji wa opsheni hakai mikono mitupu kusubiri. Ananunua hisa zenyewe kujikinga, kwa mfano wetu kama hisa 64 kwa kila opsheni 100 alizouza, na anaongeza au kupunguza kadiri bei inavyopanda na kushuka. Akifanya hivyo, matumaini ya ukuaji yanajifuta kwenye hesabu, na kinachobaki ni gharama ya fedha, yaani riba. Kwa hiyo zile bei laki moja si utabiri wa hisa itakuwa wapi. Ni chombo cha kukokotoa bei ya leo, na anayezisoma kama utabiri amezitumia kwa kazi isiyo yake.

Sasa tuitazame namba inayoitwa `kosa`. Malipo ya opsheni hii yametawanyika sana, kuanzia sifuri hadi makumi ya dola, na mtawanyiko wake wa kawaida kuzunguka wastani ni kama dola 14.72. Kosa la wastani ni mtawanyiko huo ukigawanywa kwa kipeuo cha pili cha `n`. Kwa bahati laki moja linakuwa karibu dola 0.047. Ukienda mara 1.96 ya kosa juu na chini ya `bei`, unapata mkanda ambao, kama kila kitu kiko sawa, utalikumbatia jibu la kweli mara 95 katika 100.

Kile kipeuo cha pili ndicho chenye gharama. Ukitaka kosa lipungue kwa nusu, lazima bahati ziongezwe mara nne. Ukitaka mkanda usiozidi senti moja kila upande, unahitaji bahati zaidi ya milioni nane. Kompyuta ya kawaida inaziweza, ila njia inakwenda polepole kuliko watu wanavyodhani.

Watu wengi hupima kutulia kwa jibu kwa kuchora wastani unaosogea: bahati ya kwanza, wastani wa mbili, wa tatu, hadi laki moja. Mstari huanza kwa kuruka huku na huko, kisha unanyooka, na mchoraji anaridhika. Binafsi sioni mchoro huo ukithibitisha mengi. Ukishafika bahati ya 90,000, hata malipo makubwa ya dola 50 yanausogeza wastani kwa chini ya sehemu moja ya elfu ya dola. Mstari utanyooka tu, jibu liwe sahihi au liwe limepotea.

Kipimo chenye nguvu ni kurudia kazi nzima. Chukua `n` ya 1,000, ya 4,000, ya 16,000 na ya 64,000, na kila moja uiendeshe mara 200 kwa namba mpya. Kisha angalia mambo mawili. La kwanza ni mtawanyiko wa yale majibu 200. Unapaswa kushuka karibu hivi: 0.47, 0.23, 0.12, 0.06, nusu kwa kila hatua. La pili ni mikanda mingapi kati ya 200 inaikumbatia 10.45. Tunategemea iwe karibu 190 katika kila kundi. Ikiwa 189 au 193, hakuna neno. Ikiwa 120, kuna kitu kimevunjika.

Hapa kuna mtego mdogo: `default_rng(2024)` isiwekwe ndani ya mzunguko. Ile 2024 ni mbegu, na mbegu ileile huzaa namba zilezile. Ukiipanda upya kila raundi, utapata majibu 200 yanayofanana hadi tarakimu ya mwisho, na mtawanyiko wa sifuri. Iandikwe mara moja juu, na `rng` hiyohiyo iendelee kutoa namba.

Tuseme sasa mwandishi wa programu amesahau kipande `- 0.5*sigma**2`. Ni kosa la kawaida mno, kwa sababu kipande hicho kinaonekana kama pambo. Kazi yake ni kuondoa nyongeza inayoletwa na `exp`, maana bahati nzuri hupandisha bei kwa dola nyingi kuliko bahati mbaya ya ukubwa uleule inavyoshusha. Kikikosekana, programu haigomi. Wastani unanyooka vizuri, mtawanyiko unashuka kwa nusu kwa kila hatua, na jibu linatulia kwenye dola 11.77.

Kipimo cha mikanda kinaligundua kosa hilo. Kwa `n` ya 1,000, mikanda ni mipana na baadhi bado inaigusa 10.45. Kwa 64,000 hakuna hata mmoja unaoigusa. Idadi ya mikanda inayopata jibu ikiporomoka kadiri bahati zinavyoongezeka, ugonjwa umo ndani ya fomula, si katika uchache wa namba.

Pale ambapo 10.45 haijulikani, bado kuna kitu kinachojulikana: wastani wa bei za mwisho, ukirudishwa kwenye thamani ya leo, lazima uwe bei ya leo. Mstari mmoja unatosha:

```python
print(np.exp(-r*T)*ST.mean())
```

Programu nzima itatoa namba iliyo karibu sana na 100. Ile yenye kosa itatoa karibu 102.02.

Mkanda nao unaweza kudanganya. Badilisha bei ya mkataba iwe dola 200. Sasa hisa inapaswa kuongezeka maradufu ndani ya mwaka ndipo opsheni ilipe, na kwa mtikisiko wa 20% hilo hutokea kama mara 1 kati ya 2,200. Endesha kwa bahati 1,000 na mara nyingi hakuna hata moja itakayolipa. Programu itasema bei ni 0, kosa ni 0. Kosa la sifuri linapendeza macho, lakini maana yake hapo ni kwamba tukio lenyewe halijaonekana. Kabla ya kusoma `kosa`, hesabu kwanza ni bahati ngapi zimelipa kitu: `(X > 0).sum()`. Zikiwa chache za kuhesabika kwa vidole, usiuamini mkanda.

Kuna njia ya kupunguza kazi kwa kutumia kile tunachokijua kuhusu bei za mwisho. Malipo ya opsheni na bei ya hisa huenda pamoja. Kwa mfano wetu uwiano wao ni karibu 0.92. Kwa hiyo bahati zikitokea kuipa hisa wastani ulio juu ya ule unaostahili, tunajua jibu la opsheni nalo limevutwa juu, na tunaweza kulisahihisha:

```python
D = np.exp(-r*T)*ST
b = np.cov(X, D)[0, 1]/D.var(ddof=1)
Y = X - b*(D - S0)
```

Wastani wa `Y` unalenga jibu lilelile, ila mtawanyiko unashuka kutoka 14.72 hadi karibu 5.6. Mkanda wa senti moja uliodai bahati milioni nane sasa unapatikana kwa milioni moja na laki mbili hivi.

Swali linalobaki ni kama senti hiyo ina kazi. Ile 20% ya mtikisiko hakuna aliyeiona kwa macho. Imekadiriwa kutokana na bei zilizopita au kusomwa kutoka kwa opsheni nyingine sokoni. Iwe 21% badala ya 20%, na bei sahihi ya opsheni inakuwa dola 10.83, tofauti ya senti 38. Kwa bahati 10,000 tu, bila masahihisho yoyote, mkanda wetu ulikuwa tayari na upana wa senti 29 kila upande.