Nukta Tatu Zikitoweka

Umemwandikia shemeji yako saa mbili usiku: "Shem, ile laki mbili vipi?" Nukta tatu zinaanza kucheza chini ya ujumbe wako. Zinatoweka. Zinarudi, kisha kimya. Moyoni umeshamhukumu: anatunga uongo.

Hebu tufuate kinachopita kati ya simu hizo mbili. Nukta hazibebi hata herufi moja ya alichoandika. Akigusa kibodi, simu yake hutuma taarifa fupi kwamba anaandika, na simu yako huzichora. Zitakaa kwa muda gani ni uamuzi wa waliounda programu. Telegram huipa kila taarifa sekunde 6. Isipofuatwa na nyingine, alama inafutika. Signal, ambayo msimbo wake uko wazi kwa anayetaka kuusoma, humwona mtu ameacha kuandika akitulia kwa sekunde 3 tu. Huo ni muda wa kukohoa na kumwambia mtoto apunguze televisheni.

Tuseme mnatumia Signal. Shemeji ameandika "Samahani, mshahara umechelewa", akatulia kukumbuka tarehe. Sekunde 3 zimepita, nukta zimeondoka kwako. Amekumbuka, anaendelea, zimerudi. Katikati ya neno mtandao ukakatika. Sasa simu yake haiwezi hata kukuarifu kwamba ameacha, kwa hiyo yako inangoja sekunde 15, kisha inaziondoa yenyewe. Wewe umeona mtu anayesitasita. Kwake maneno yote yapo palepale, hajafuta hata moja.

Sisemi kwamba watu hawasiti. Wanasita, na mara nyingi kwa sababu njema: anayemjibu mkwewe huandika, akaona adabu imepungua, akarudi kwenye salamu. Tatizo ni kwamba anayetafuta maneno ya kuomba siku tatu zaidi na anayetafuta namba ya muamala ili akuthibitishie kwamba fedha ameshatuma huonekana sawasawa kwenye kioo chako.

Dalili yenye uzito kidogo ni moja. Nukta zikicheza kwa dakika nzima bila kukatika, halafu likaja neno "Sawa" peke yake, vidole vimefanya kazi kubwa kuliko neno lililofika. Huenda kuna maelezo aliyoyaandika akayafuta. Lakini kwamba yalikuwa ya hasira, ya aibu au marefu tu kupita kiasi, hilo nukta haziwezi kukueleza.

Ukichoka kuzikodolea macho, Signal inakuruhusu kuzizima kwenye mipangilio ya faragha. Ukizizima, nawe huoni za wenzako. Ama kuhusu laki mbili, mpigie shemeji simu umuulize.